Kichwa cha tathmini na sentensi zake za kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majirani wa Njoro, jamaa wa Nakuru mjini na marafiki wa Kisumu wamekuwa wakiniletea tathmini zao nizipitie kabla hawajazituma: pampu za dawa, majiko, simu, mikahawa, nyumba za wageni. Maswali yao hurudi yaleyale, na karibu yote yanahusu mahali pamoja, yaani kichwa na sentensi mbili tatu za mwanzo. Nimeyakusanya hapa. Jibu likiwa limeshatolewa kwenye swali jingine, nitakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

1. Hukumu ni nini hasa? Si zile nyota nilizoweka?

Hukumu ni jibu la swali moja: mtu mwenye hali kama yangu anunue au asinunue, aende au asiende? Nyota hazilijibu swali hilo. Nyota 3 zinaweza kutoka kwa mkulima ambaye pampu ilimfaa vizuri ila ikachelewa wiki nzima kufika. Nyota 3 zizo hizo zinaweza kutoka kwa mwingine ambaye yake ilifika kesho yake, ikafa mwezi wa pili. Anayesoma anaona nyota 3 mara mbili na hajui lolote.

Kwa hiyo kabla hujaandika kichwa, lijibu swali hilo kwa mdomo, kama unamwambia mtu. Jibu likikukataa, bado huna hukumu, na kichwa chochote utakachoandika kitakuwa cha kubahatisha. Hapo nenda swali la 15.

2. Kwa nini nianze na hukumu? Siwezi kueleza kwanza, kisha nihitimishe?

Shuleni tulifundishwa insha yenye utangulizi, mwili na hitimisho, na tukazoea kuficha jambo kuu hadi aya ya mwisho. Mwalimu alilipwa asome hadi mwisho. Anayesoma tathmini yako yuko dukani, simu iko mkononi, muuzaji amemkazia macho, na chini ya yako kuna nyingine ishirini. Mara nyingi simu humwonyesha mistari miwili mitatu tu, kisha maneno "Soma zaidi". Asipopata jibu hapo, huenda kwa tathmini inayofuata.

Waandishi wa magazeti huita mpango huu piramidi iliyopinduliwa: zito juu, jepesi chini, ili habari ikikatwa popote kuanzia mwisho, iliyobaki bado isomeke. Ipime tathmini yako hivyohivyo. Ikate baada ya sentensi ya pili, uone kama iliyobaki inamsaidia mtu.

3. Kichwa kiwe na maneno mangapi?

Matano hadi kumi yanatosha. Tukumbuke kwamba neno la Kiswahili hubeba mengi: "haitakufikisha" ni neno moja lenye kukanusha, wakati, mtenda na mtendwa. Faida yake ni kwamba maneno sita yanaweza kusema jambo zima. Hasara yake ni kwamba maneno yenyewe ni marefu, na kioo cha simu ndogo hukata kichwa kabla hakijaisha. Weka hukumu ndani ya maneno manne ya kwanza, na masharti yafuate. "Yatosha nusu ekari, ekari nzima betri haifiki" ikikatwa katikati bado inasema kitu. "Baada ya kuitumia kwa muda wa miezi mitano nimeona kwamba" ikikatwa hapo haijasema neno.

4. Nitaje jina la kifaa kwenye kichwa?

Kama tathmini itakaa chini ya picha na jina la kifaa chenyewe, usirudie. Msomaji analiona tayari, na unakula nafasi ya hukumu. Kama itasomwa peke yake, kwa mfano kwenye jarida la kikundi au karatasi iliyobandikwa kwenye duka la pembejeo, jina ni lazima, tena pamoja na ukubwa au toleo. Pampu ya lita 16 na ya lita 20 za kampuni moja zinaweza kuwa na betri tofauti kabisa.

5. Na pale ambapo hakuna nafasi ya kichwa?

Google Maps na duka la programu la Google hazina kisanduku cha kichwa. Unaweka nyota na kuandika. Huko sentensi yako ya kwanza ndiyo kichwa. Iandike kwa masharti yaleyale ya swali la 3, uweke nukta, ndipo uendelee.

## Maneno ya kichwa

6. "Nzuri sana" ina ubaya gani?

Haina uongo, ila haina habari. Nzuri kwa nani, kwa kazi gani, kwa sababu gani? Sifa kama nzuri, bora, safi na mbovu zinaeleza jinsi ulivyojisikia. Kitenzi kinaeleza kifaa kinavyofanya. Linganisha "Jiko zuri sana" na "Hupika maharagwe kwa mkebe mmoja wa makaa". La pili halijasifu hata kidogo, lakini anayenunua makaa kwa mkebe kule Nyalenda atajua papo hapo kama jiko hilo linamfaa.

Ninapopitia kichwa cha mtu huanza kwa kutafuta kitenzi. Kisipokuwepo, namwomba aniambie kifaa kilifanya nini au kilishindwa kufanya nini.

7. Niandike "ilivuja", "inavuja", "imevuja" au "huvuja"?

Swali hili ningependa liulizwe zaidi, kwa sababu Kiswahili kinatupa hapa kitu ambacho wengi hukiacha. Silabi moja inabadilisha hukumu nzima.

"Ilivuja" ni jambo lililotokea na likapita. Msomaji ataelewa kwamba labda ulikaza kifuniko, ikaacha. "Imevuja" ni habari ya sasa hivi: imetokea, na athari yake bado ipo. "Inavuja" inasema kwamba ninapoandika maji yanatoka. "Huvuja" ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu inasema hii ni tabia yake, kila mara au karibu kila mara. Mtu aliyeona tone moja siku ya kwanza, kisha akaandika "huvuja", amesema zaidi ya alichokiona. Aliyefuta mgongo kila Jumamosi kwa miezi minne, kisha akaandika "ilivuja", amemfichia msomaji.

Basi kanuni yangu ni hii: usitumie hu- kabla hujaona jambo angalau mara tatu, katika siku tofauti. Kabla ya hapo tumia -li- na utaje idadi: "Ilivuja mara mbili kati ya kumi".

Kuna tahadhari moja. Hu- haionyeshi mtenda, kwa kuwa "huvuja" inaweza kuwa pampu, mpira au tanki. Iambatanishe na nomino: "Mpini huvuja" au "Kifuniko huvuja". Aliyewahi kuwa na pampu atajua kuwa mpini unaovuja hurekebishwa kwa kubadilisha mpira wa ndani wa shilingi chache, ilhali tanki lenye ufa ni la kutupa. Nomino hiyo moja imemsaidia kukadiria hasara.

Usisahau pia -ki- na -sipo-, ambazo hubeba sharti zima ndani ya neno: "Ikijazwa hadi juu huvuja", "Isipochajiwa kila siku hufa". Hiyo ni hukumu na sharti lake kwa maneno manne.

8. Watu wengi huandika "si mbaya" au "iko sawa". Zinaeleweka?

Zinaeleweka ukizisikia, kwa sababu sauti ndiyo inayosema. Mtu akikujibu "si mbaya" huku ameinua nyusi, unajua ameridhika. Akisema polepole huku anatazama pembeni, unajua hatarudi tena. Kwenye maandishi sauti imeondoka na neno limebaki kavu. Nimewahi kuwasomea watu wawili kichwa "Iko sawa tu". Mmoja alisema atanunua, mwingine akasema hawezi.

Tunayatumia maneno haya kwa adabu, hasa tunapomjua muuzaji, na adabu hiyo naiheshimu. Lakini unaweza kuwa na adabu na bado ukawa wazi: "Inafaa kwa bustani ya nyumbani, si kwa shamba". Hujamtukana mtu, na msomaji amejua pa kuelekea.

9. Bidhaa ilikuwa nzuri lakini mzigo ulichelewa. Kichwa kiseme nini?

Kiseme kuhusu bidhaa. Anayesoma anataka kununua kifaa, na huenda akakinunua kwingine. Uchelewaji uandike chini, sentensi ya nne au ya tano.

Upatanisho unaweza kukusaidia au kukuangusha hapa. "Umechelewa lakini inafanya kazi" inaonyesha wazi vitu viwili, mzigo na pampu. Ila ukianza na "kifaa", ukaendelea na "inafanya", kisha "vilikuwa vimekwaruzwa", msomaji hajui tena unahukumu nini. Chagua nomino moja kwenye kichwa uishikilie hadi mwisho wa aya ya kwanza.

## Sentensi za kwanza

10. Je, si utovu wa adabu kuanza bila salamu na shukrani?

Uso kwa uso, naam. Mtu hawezi kuingia boma la wenyewe na kusema "betri ni mbovu" kabla hajajuliwa hali. Ndiyo maana tathmini nyingi ninazoletewa huanza "Hamjambo wapendwa, kwanza natoa shukrani kwa muuzaji kwa kunipokea vyema". Nia ni njema. Ila mistari hiyo miwili ndiyo pekee inayoonekana kabla ya "Soma zaidi", kwa hiyo msomaji amesalimiwa na hajaambiwa kitu.

Shukrani zihamishe mwisho, na zitaje jambo: "Muuzaji alinionyesha jinsi ya kusafisha nozo kabla sijaondoka". Hiyo inamheshimu muuzaji kuliko salamu ya jumla, kwa sababu anayefuata ataomba naye aonyeshwe.

11. Sentensi za mwanzo zibebe nini, na kwa mpangilio gani?

Ya kwanza ni hukumu pamoja na mtu inayemhusu. Ya pili ni sababu moja kubwa, yenye kipimo, na muda uliotumia kifaa. Ya tatu ni lile ambalo lingemfanya mtu mwenye hali tofauti afikie uamuzi tofauti. Baada ya hapo uko huru kusimulia upendavyo.

Nasisitiza sababu moja. Aliyekasirika huwa na sababu saba na hutaka kuzimwaga zote mara moja. Jiulize: kama nyingine sita zisingekuwepo, ni ipi ambayo peke yake ingenifanya niseme "usinunue"? Hiyo ndiyo ya sentensi ya pili.

12. Nionyeshe mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Jirani yangu hapa Njoro, mzee anayelima viazi ekari moja, alinunua pampu ya mgongoni ya lita 16 inayotumia betri. Alinunua kwa sababu mkono ulikuwa umemchosha, maana viazi hunyunyiziwa dawa ya ukungu mara nyingi msimu wa mvua. Baada ya miezi 5 aliniletea tathmini yake kwenye karatasi ya daftari, imeandikwa vizuri kwa kalamu ya bluu. Kichwa kilikuwa "Maoni yangu kuhusu pampu niliyonunua". Ilianza hivi:

> Habari zenu wakulima wenzangu. Mwezi wa tatu niliamua kununua pampu baada ya kuchoka na ile ya mkono. Nilienda mjini nikazunguka maduka kadhaa kabla ya kupata hii. Rangi yake ni nzuri na mkanda wake hauumizi bega.

Nikashuka na kidole. Mstari wa tisa, katikati ya sentensi iliyohusu jambo jingine, nikakuta: "ila siku hizi betri inakata nikiwa nimemaliza tanki la sita".

Nikamuuliza: "Mzee, tuseme shemeji yako amekupigia akiwa kwenye matatu, gari linakaribia kuondoka, anataka kujua anunue au asinunue. Utamwambiaje?"

Hakufikiri hata kidogo. "Nitamuuliza shamba lake ni kubwa kiasi gani. Kama ni nusu ekari, anunue. Kama ni ekari nzima kama yangu, betri itamwachia njiani."

"Ekari yako hutaka matanki mangapi?"

"Kumi na moja."

Hukumu ilikuwa tayari kichwani mwake, tena nzuri kuliko ile ya karatasi, kwa sababu ilikuwa na sharti na hesabu. Matanki 6 ya lita 16 ni lita 96. Matanki 11 ni lita 176. Betri inaishia zaidi kidogo ya nusu ya kazi. Tukaandika upya pamoja:

> Yatosha nusu ekari. Ekari nzima betri haifiki
>
> Nunua kama shamba lako ni nusu ekari au chini. Nimeitumia miezi 5 kwenye viazi, na sasa betri iliyojaa hukata baada ya matanki 6, ilhali ekari yangu hutaka 11. Pampu yenyewe haijavuja wala nozo kuziba.

Angalia kilichobadilika. "Siku hizi inakata" imekuwa "sasa hukata", kwa sababu nilipomuuliza alisema imetokea kila mara kwa wiki tano mfululizo (swali la 7). Neno "iliyojaa" limeingia kwa sababu msomaji wa kwanza angeuliza kama betri ilikuwa imechajiwa. Sentensi ya tatu imetenganisha betri na pampu, kwa kuwa betri hubadilishwa na pampu hubaki. Rangi na mkanda vimeshuka chini. Safari ya kuzunguka madukani imeondoka kabisa, na mzee alisikitika kidogo, kwa maana ilikuwa sehemu aliyoipenda.

13. Nitajuaje kama kichwa changu kimefaulu?

Chukua kiganja, funika kila kitu isipokuwa kichwa, umpe mtu asiyejua habari yako asome. Muulize mambo mawili tu: nimesema anunue au asinunue, na kwa sababu gani. Usimsaidie. Akianza jibu kwa "nadhani", kichwa hakijakaa. Kisha sogeza kiganja chini uonyeshe sentensi tatu, umuulize ni nani asiyefaa kununua kifaa hicho.

Kosa ninaloliona zaidi katika jaribio hili ni kichwa kinachosema jambo moja na sentensi ya kwanza kusema jingine. Kichwa kinasema "Nunua bila wasiwasi", na mstari wa chini unaanza "Tatizo lake ni kwamba". Msomaji wa haraka huamini kichwa, msomaji makini haamini chochote. Mara nyingi hutokea pale mtu anapoandika kichwa kwanza, akaandika maelezo, na wakati akiandika mawazo yake yakabadilika. Andika kichwa mwisho.

## Hali ngumu kidogo

14. Vipi kama kosa lilikuwa langu kwa sehemu?

Hili lilitokea kwa pampu ileile. Tulipokuwa tunamalizia, mzee akataja kwamba kati ya palizi na palizi aliiweka pampu stoo bila kuichaji, na mara moja ikakaa hivyo wiki tatu. Betri ya aina hiyo, ya risasi na asidi, huharibika ikikaa muda mrefu ikiwa tupu: chumvi hujijenga juu ya sahani za ndani, na uwezo wake wa kushika chaji hupungua moja kwa moja. Kwa hiyo hatukuweza tena kusema kwa uhakika kwamba betri ilikuwa dhaifu tangu kiwandani.

Jambo kama hilo lazima likae juu, kwa sababu linaweza kubadilisha uamuzi wa msomaji mwangalifu. Tuliongeza sentensi ya nne: "Huenda nilichangia, kwani mara moja niliiacha wiki tatu bila chaji." Kichwa tulikiacha, maana bado kilikuwa kweli kuhusu pampu aliyokuwa nayo mkononi. Kama lingekuwa kosa dhahiri, kwa mfano kuitumbukiza majini, hukumu yenyewe ingebidi ibadilike, au tathmini isiandikwe.

15. Nimetumia kifaa siku mbili tu. Niandike?

Andika, lakini muda huo uwe kwenye kichwa, usiwe chini: "Siku 2 za kwanza: imewaka vizuri, uimara bado". Hapo umehukumu unachoweza kuhukumu, yaani kama kimefika kizima na kama kinafanya kazi. Usiseme "inadumu". Kama hata hayo hujayaona, ngoja.

16. Nimebadilisha mawazo baada ya miezi. Nifute au niongeze chini?

Badilisha kichwa na sentensi ya kwanza, kisha weka tarehe. Watu wengi huongeza mstari mwishoni, "Nyongeza: imeharibika", huku kichwa bado kinasifu. Anayepita haraka hataufikia mstari huo.

Mzee wetu alinunua betri mpya ya volti 12 ya kiasi kilekile, akawa anaichaji kila anapomaliza kazi, hata kama ametumia matanki mawili. Ikamaliza ekari, matanki yote 11, misimu miwili. Tathmini yake sasa inasomeka hivi:

> Pampu imara; betri hufa isipochajiwa kila baada ya kazi
>
> Nunua hata kwa ekari nzima, mradi utaichaji siku hiyohiyo uliyotumia. Betri ya kwanza niliiacha tupu ikachoka kwa miezi 5. Ya pili nimeichaji kila mara na humaliza matanki 11. Mwanzo niliandika kwamba haifiki ekari moja, na nimebadilisha baada ya kujaribu.

Ile sentensi ya mwisho aliidai mwenyewe. Alisema kuna watu walioisoma ya kwanza, na wakirudi wakakuta jingine bila maelezo watadhani amehongwa.

17. Mkahawa: chakula kizuri, huduma mbaya. Hukumu iwe ipi?

Angalia ni nani anayesoma na ana muda gani. Kuna mahali karibu na ziwa pale Kisumu ambapo nimekula ngege mara tatu. Samaki ni wa asubuhi hiyo, ngozi inavunjika kwa sauti, ugali unakuja moto, na mboga ya osuga haina uchungu hata kidogo. Lakini mara zote tatu nilisubiri kati ya dakika 50 na saa moja, na mara ya pili nilikosa gari la kurudi Nakuru.

Niliandika: "Ngege mtamu, ila husubiriwa karibu saa nzima". Kisha: "Nenda kama huna haraka, hasa wikendi na familia. Mara 3 nilizokwenda nilingoja dakika 50 au zaidi. Mwenye gari la kuwahi aagize kwa simu kabla hajafika." Sikuandika "huduma mbovu", kwa sababu wahudumu walikuwa wapole na samaki alikuwa anakaangwa upya kwa kila mteja, kilichokuwa kirefu ni kungoja. Mwenye siku nzima atasoma kichwa hicho na kwenda. Mwenye nusu saa atasoma kichwa hichohicho na kupita. Wote wawili wamehudumiwa.

"Ila" na "lakini" ni maneno mazuri kwenye kichwa, mradi lile zito zaidi kwa msomaji wako likae baada yake. Ukigeuza, "Husubiriwa sana ila ngege mtamu", umemwambia aende.

18. Nimetapeliwa. Naweza kuandika "wezi" kwenye kichwa?

Nakusihi usifanye hivyo, hata kama moyo unawaka. Kwanza, neno hilo halimwambii msomaji kilichotokea. Pili, Kenya ina Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, na "mwizi" ni shutuma ya kosa la jinai ambayo utatakiwa uithibitishe. Andika ulichokiona na unachoweza kuonyesha kwa risiti: "Nililipia taa 2, ikaja 1, siku 20 bila jibu". Soma tena kichwa hicho. Kinauma kuliko tusi, na kila neno lake lina karatasi.

Ukitaka kufuatilia, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na tathmini yenye tarehe na hesabu itakusaidia kukumbuka mlolongo wa mambo.

19. Nilipewa kifaa bure, au muuzaji ni binamu yangu. Niseme wapi?

Ndani ya sentensi mbili za kwanza. Kichwa kibebe hukumu kama kawaida, kisha: "Nilipewa na muuzaji ambaye ni jamaa yangu, nimeitumia wiki 6." Ukiificha mwisho, atakayeigundua ataacha kuamini hata yale ya kweli. Ukiona aibu kuisema, pengine hupaswi kuiandika tathmini hiyo.

20. Muuzaji amenirudishia pesa na kuomba nibadilishe kichwa. Nikubali?

Kilichobadilika ni huduma ya baada ya mauzo, kifaa hakijabadilika. Ongeza sentensi ya kweli karibu na juu: "Muuzaji alirudisha pesa zote siku ya 9 bila ubishi." Hiyo ni sifa kubwa kwake na wanunuzi huithamini. Kichwa kinachosema "Betri hukata tanki la sita" kibaki, kwa sababu betri bado hukata tanki la sita. Kama alikupa kifaa kingine, nacho kinafanya kazi, hapo una ushahidi mpya: kitumie kwa muda, kisha fanya kama kwenye swali la 16.

21. Haya yanafaa kwa tathmini ya kitabu au filamu?

Yanafaa, kwa tofauti moja. Sababu yako kuu isitoboe siri ya mwisho wa hadithi. Kama kilichokuudhi ni jinsi ilivyoisha, sema "Mwisho unakimbizwa" na uishie hapo. Maelezo yakae chini, baada ya kumwonya msomaji.